Namna ya Kuibana Kadi ya Waranti Kabla Haijakukana

Kadi ya waranti ya friji hufika nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, imebanwa katikati ya kitabu cha maelekezo na trei ya mayai. Usipoichukulia hatua siku hiyohiyo, itazeeka humohumo. Utakumbuka kuitafuta siku friji imegoma na samaki wanaanza kunuka, nayo itakuangalia ikiwa tupu: haina tarehe, haina muhuri, haina jina la duka. Kadi ya namna hiyo haimdai mtu kitu. Kwa sababu hiyo kazi ya kuibana inaanzia kaunta, palepale Kariakoo, kabla hujaita kirikuu cha kubebea mzigo.

Hela ikishahesabiwa, muuzaji atakwambia, "Mama, hii ina waranti ya miaka kumi, wewe nenda kapumzike." Usiende kupumzika. Mjibu kwa upole, "Ahsante mwanangu, nijazie basi kadi yangu." Akisema kadi hujazwa na kampuni, au umwachie namba ya simu atakutumia kesho, simama hapohapo. Kadi nyingi zina sentensi inayosema waziwazi kwamba zisipojazwa na kugongwa muhuri na duka lililouza, hazina nguvu. Kazi ya dakika tano ambayo muuzaji anaikwepa leo, wewe ndiye utakayeilipia mwakani.

Kuna nafasi nne za kujaza: modeli ya friji, namba yake ya seriali, tarehe ya kununua, na muhuri wa duka wenye anwani. Ya pili ndiyo yenye matatizo mengi. Usikubali muuzaji ainakili kutoka kwenye boksi, kwa sababu katika maduka yenye mzigo mwingi friji hutolewa kwenye boksi kwa ajili ya maonyesho, kisha ikauzwa kwenye boksi la mwenzake. Fungua mlango. Kwenye friji nyingi kibandiko chenye namba kiko ukutani kwa ndani, karibu na droo ya mboga. Nyingine wamekibandika nyuma, juu ya kompresa. Isome herufi kwa herufi huku muuzaji akiandika, na uwe macho na sifuri inayofanana na O, nane inayofanana na B, na moja inayofanana na I. Fundi wa kampuni akija nyumbani, kitu cha kwanza atakachofanya ni kulinganisha kadi na kibandiko. Herufi moja ikipishana, kwake hiyo ni kadi ya friji nyingine.

Sasa toa simu. Laza kadi juu ya kaunta penye mwanga wa kutosha na uzime taa ya kamera, maana karatasi za kung'aa hurudisha mwanga na kufuta mstari mmoja, na mara nyingi mstari unaofutika ni ule uliokuwa unauhitaji. Piga upande wa mbele pembe zote nne zikionekana. Geuza, piga upande wa nyuma, ambako masharti yamejaa kwa herufi ndogo kama nyayo za sisimizi. Kisha sogea karibu upige masharti hayo tena kwa vipande viwili au vitatu, na kila picha ikuze kwa vidole hapohapo uone kama maandishi yanasomeka. Picha ya mwisho ipige ukiwa umeishika kadi kando ya kile kibandiko cha ndani ya friji, ili namba zote mbili zionekane pamoja. Hiyo ndiyo picha inayomaliza ubishi.

Risiti nayo ipigwe picha siku hiyohiyo. Risiti ya EFD huchapwa kwa joto, haina wino, na karatasi yake hufifia ikikaa kwenye jua, kwenye joto la jikoni, au hata ndani ya mfuko wa plastiki. Friji ina miezi kumi na risiti imegeuka karatasi nyeupe: hilo ni jambo la kawaida kabisa. Katika picha hakikisha zinaonekana tarehe, kiasi, na ile namba ya uhakiki iliyo chini, kwa kuwa kwa namba hiyo risiti inaweza kuthibitishwa kwenye verify.tra.go.tz hata kama karatasi yenyewe imekufa. Na bei iliyoandikwa iwe ile uliyolipa. Ukikubali risiti ya nusu ya bei ili "tusaidiane kwenye kodi", siku ya kudai utakuwa unadai nusu friji.

Picha hizo usiziache kwenye simu peke yake, maana simu huibiwa na huanguka chooni. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Ukitumia WhatsApp kumtumia mume, mke au mtoto, zitume kama hati, si kama picha za kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa ili ipite haraka, na herufi ndogo ndizo hupotea kwanza.

Hapo nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili hufanyika nyumbani jioni hiyohiyo, ukiwa na daftari, kalamu, na mtu anayekijua Kiingereza vizuri kama wewe hukimudu. Masharti ya kadi yameandikwa kwa sentensi ndefu zilizoshonwa ili zisikamatike. Dawa yake ni kuyageuza kuwa sentensi fupi za Kiswahili zenye mtu anayetenda. Kadi itasema kasoro "zitarekebishwa bila malipo". Nani atarekebisha? Wapi? Nani atalipa gari la kupeleka friji huko? Andika: "Kampuni itatengeneza friji kwenye karakana yake Dar es Salaam. Nauli ya kuipeleka ni yangu." Sentensi ikigoma kukupa mtu anayetenda, hapo ndipo pa kumpigia simu muuzaji kumuuliza kabla ya kulala, wakati bado anakukumbuka.

Anza na muda. Ile miaka kumi ya kaunta utaikuta kwenye kadi, lakini itakuwa imegawanywa. Mtindo wa kawaida wa kadi za friji ni huu: friji nzima mwaka mmoja, kompresa peke yake miaka mitano au kumi. Na neno "kompresa" hapo lina maana ya lile tungi jeusi lililo chini nyuma, basi. Halimo kofia la plastiki lililobanwa ubavuni mwake, lenye riley inayoliwasha na kikatizi kinacholizima likipata joto kupita kiasi. Haimo gesi. Haimo kapasita, wala kichujio kidogo cha shaba ambacho fundi lazima akibadilishe kila anapoufungua mfumo. Haumo ufundi wenyewe. Kwa hiyo kompresa ikifa mwaka wa tatu, kampuni itakupa kompresa mpya bure, nawe utalipa kuitoa ya zamani, kuiunga mpya, kichujio, gesi na usafiri. Katika daftari lako andika hivi: "Mwaka wa kwanza: kila kitu isipokuwa vilivyotajwa. Mwaka wa pili hadi wa kumi: tungi la kompresa tu, mengine yote mfukoni mwangu." Ukishaandika hivyo, ile miaka kumi ya muuzaji itakaa mahali pake.

Kisha tafuta saa inaanza kuhesabu lini. Kwa kawaida ni tarehe ya kununua, wala si siku uliyoichomeka kwenye umeme. Ukiinunua kwa ajili ya nyumba ambayo bado inapauliwa, mwaka wako unaliwa na mchanga na saruji. Lakini lipo sharti lingine baya zaidi ambalo baadhi ya kadi hulibeba: miezi 12 tangu kununua au miezi 18 tangu kutoka kiwandani, lolote litakalotangulia. Hesabu zake zinauma. Friji imetengenezwa Januari 2023, ikasafiri, ikalala bohari, ikauzwa tarehe 9 Machi 2024. Kwa tarehe ya kununua, waranti ingefika Machi 2025. Kwa tarehe ya kiwanda, inakata Julai 2024. Umelipia mwaka mzima, umepewa miezi minne na ushee. Ndiyo maana tarehe ya kutengenezwa, inayokuwa kwenye kibandiko au ubavuni mwa boksi, unatakiwa kuisoma ukiwa bado dukani. Ukiikuta ya zamani na kadi ina sharti hilo, omba uletewe nyingine kutoka bohari, au muuzaji aandike kwa mkono kwenye kadi kwamba miezi 12 inahesabiwa tangu kununua, kisha agonge muhuri juu ya maandishi yake.

Angalia pia kama kadi inataka uisajili ndani ya siku fulani, mara nyingi 30, na kama inatumika Tanzania. Friji iliyotumwa na shangazi kutoka Maskati, au uliyoinunua Dubai ukaileta kwa kontena, huenda ina kadi nzuri inayofanya kazi hukohuko tu.

Sasa tuingie kwenye orodha ya yasiyohusika, maana hapo ndipo kadi inakaa na kunenepa. Mpira wa mlango, taa, vioo na trei za plastiki havimo, na hilo halina haja ya kukunyima usingizi. Vitu vitatu ndivyo vinavyoua madai mengi: umeme, fundi wa mtaani na biashara.

Kadi itasema haihusiki na uharibifu uliotokana na umeme kupanda na kushuka. Sentensi hiyo ni pana kama bahari, kwa hiyo inakubidi uelewe friji inaumia vipi. Kompresa ikizima, gesi ndani ya mabomba bado ina shinikizo kubwa upande mmoja. Inahitaji dakika kadhaa shinikizo lisawazike ndipo iweze kuwaka tena kwa urahisi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kompresa inajaribu kuzunguka huku imebanwa, inavuta mkondo mkubwa, waya zake zinapata joto, na kikatizi kinaizima. Utasikia "tki", kimya, halafu baada ya dakika chache "tki" tena. Ule mlio ni kompresa inayojaribu kuwaka ikashindwa. Ukiusikia, rekodi video fupi yenye sauti hiyo, kisha chomoa friji mara moja na umpigie simu muuzaji, kwa maana kila jaribio linaichoma zaidi.

Kinga yake ni kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa karibu kila duka la umeme. Hukata umeme ukishuka mno au ukipanda mno, na ukirudi hukaa dakika chache kabla ya kuuruhusu kupita. Kinunue siku ileile, duka lilelile ikiwezekana, kiandikwe kwenye risiti ileile. Kisha piga picha friji ikiwa imechomekwa kwenye kifaa hicho, ukutani mwako. Baadhi ya kadi zinakitaja kama sharti. Hata zisipokitaja, fundi wa kampuni akianza na wimbo wa "umeme wa mtaa wenu", utakuwa na la kumwonyesha. Mwombe pia akuandikie amepima nini. Kompresa za kawaida zina pini tatu, na kwa mita yake anaweza kupima waya za ndani na kukwambia kama zimekatika au zinavujisha umeme kwenye bodi. "Umeme umeunguza" bila kipimo chochote ni maoni yake tu, na unayo haki ya kuyakataa.

La fundi wa mtaani ni gumu zaidi kwa sababu fundi ni jirani, ni mtu mwema, na yuko karibu. Friji haigandishi, unamwita, anasema gesi imepungua. Ili ajaze gesi, kwa kawaida inambidi akate kile kibomba kifupi cha shaba kinachotokeza kwenye kompresa, ambacho kiwanda kilikifunga kabisa, aunge juu yake valvu ya kujazia. Kazi ikiisha, ile valvu inabaki, na alama ya moto wa kuunganishia inabaki nyeusi kwenye shaba. Fundi wa kampuni huchungulia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Akiona valvu, anafunga mkoba wake, na kwa mujibu wa kadi uliyoikubali hana kosa. Kwa hiyo ndani ya mwaka wa kwanza mtu asiguse nyuma ya friji. Jirani aje, anywe chai, aangalie kama imechomekwa vizuri na kama mlango unafunga, aishie hapo.

Biashara ndiyo inayowaliza akina mama wengi. Kadi ya friji ya nyumbani karibu kila mara husema haihusiki na matumizi ya kibiashara. Tafsiri yake ya Kiswahili ni hii: ukiuza barafu, lambalamba, maji ya kandoro au soda za baridi kutokea sebuleni kwako, kadi imekufa, hata kama unauza tano kwa siku. Kama nia yako ni kuuza, sema dukani mapema. Uliza kama lipo friza ambalo kadi yake inaruhusu biashara, na kama muuzaji anasema hili unalolitaka linaruhusu, aandike na agonge muhuri. Neno la mdomo halitamfuata fundi wa kampuni hadi Mbagala.

Tuweke yote hayo kwenye tukio moja. Tuseme mama wa Mbagala alinunua friji tarehe 9 Machi 2024, na kadi yake inahesabu mwaka tangu kununua. Mwezi wa kumi na moja tangu kununua, Februari 2025, friji inawaka, inanguruma, lakini chini hakuna ubaridi na juu barafu imeganda kona moja tu. Dalili hiyo ya kona moja mara nyingi ina maana gesi imevuja au mfumo umeziba, na hilo ni jambo la ndani ya mwaka wa kwanza, ambapo gesi na ufundi vyote vimo. Hamwiti jirani. Anarekodi video, kisha anatuma ujumbe wa maandishi dukani siku hiyohiyo: modeli, seriali, tarehe ya kununua, dalili, na picha za kadi na risiti. Anaandika sentensi hii mwishoni: "Naomba mnijibu kwa maandishi fundi atakuja lini." Ujumbe huo ndio ushahidi kwamba alilalamika kabla mwaka haujaisha. Duka likimzungusha "njoo wiki ijayo" mpaka Aprili, litakuwa limejizungusha lenyewe, kwa kuwa malalamiko yana tarehe ya Februari. Angepiga simu tu, Aprili angekuwa anabishana na kumbukumbu ya muuzaji.

Fundi akija na kuziba palipovuja, mama anaomba karatasi ya kazi yenye tarehe na maelezo ya kilichofanyika. Kadi nyingi hazianzishi mwaka mpya baada ya matengenezo. Unaendelea kuhesabiwa ule uliobaki. Lakini tatizo lilelile likirudi mwezi mmoja baada ya waranti kuisha, karatasi hiyo inaonyesha kwamba halikuanza leo.

Na duka likikataa kabisa likionyesha ubao wa "mali ikishauzwa hairudishwi"? Ubao haufuti kadi uliyogongewa muhuri. Tena zaidi ya kadi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, ina masharti yake kuhusu ubora wa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa Tume ya Ushindani, FCC, kazi ya kumlinda mlaji. Malalamiko yako yaandike kwa ukurasa mmoja: ulinunua nini, lini, kimeharibika vipi, umeliambia duka lini, limejibu nini. Ambatisha picha zote. Mlalamikaji mwenye picha ya kadi iliyoshikwa kando ya seriali ya friji husikilizwa upesi kuliko mwenye hasira peke yake.

Kama una friji au friza nyumbani ambayo bado haijatimiza mwaka, inuka sasa hivi uitoe hiyo kadi kwenye mfuko wake. Ikiwa haina muhuri, rudi dukani nayo wiki hii, pamoja na risiti, wakati friji ingali nzima na muuzaji angali anakuita mteja wake. Akikataa kuigonga, utajua mapema mahali pa kutonunua televisheni.